Bei moja ya tenda, gharama elfu moja: namna fundi anavyoweza kupima hasara kabla ya kusaini

Kamati ya shule inataka choo cha matundu sita. Imemwita fundi, imemwonyesha kiwanja, imempa mchoro, na sasa inamwambia kitu kimoja tu: lete bei. Wanataka tarakimu moja itakayoandikwa kwenye mkataba, na ikishaandikwa haibadiliki. Saruji ikipanda ni juu ya fundi, na shimo likijaa maji ni juu yake pia.

Fundi anarudi nyumbani na daftari. Anaandika bei ya kuchimba na kujengea shimo, bei ya mchanga, kokoto na mawe pamoja na lori, bei ya saruji, nondo na tofali, bei ya bati, mbao na milango, halafu malipo ya mafundi na vibarua. Kila mstari anaweka bei aliyoizoea. Anajumlisha, anapata shilingi milioni 16.2. Anaongeza kidogo cha dharura na kidogo cha faida, kisha anapeleka.

Hivyo ndivyo wengi wanavyofanya, na hesabu yenyewe haina kosa la kujumlisha. Tatizo ni kwamba ile milioni 16.2, ambayo fundi anaiona kama gharama ya kawaida ya kazi hiyo, kwa kweli ni gharama ya bahati nzuri. Katika mfano tutakaoufuata hapa, kazi inaisha kwa milioni 16.2 au chini yake mara chache kuliko mara 10 kati ya 100. Mara nyingine zote fundi anakula mtaji wake. Kuna njia ya kuliona jambo hilo kabla ya kusaini, na inahitaji vikaratasi, bakuli tano na saa moja ya jioni. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuifanya kwenye simu.

Kwanza tuone tatizo linatoka wapi. Bei ya kila mstari ina nafasi ndogo ya kushuka na nafasi kubwa ya kupanda. Shimo ambalo kwa kawaida linagharimu milioni 1.2 linaweza kushuka hadi milioni moja udongo ukiwa mzuri. Haliwezi kushuka hadi laki mbili hata iweje. Lakini kupanda linaweza sana: maji yakiingia, kuta zikiporomoka, ukakodi pampu na kuchimba upya, unaweza kufika milioni 3. Mistari yote mitano iko hivyo. Ukijumlisha bei tano za kawaida, unachukulia kwamba hakuna hata mstari mmoja utakaokwenda vibaya bila mwingine kuufidia. Ni kama kurusha sarafu mara tano na kutegemea ziangukie upande wako zote.

Sasa tuchukue vikaratasi. Kwa kila mstari fundi anaandika bei sita, kila moja kwenye kikaratasi chake. Kimoja ni bei ya chini kabisa anayoweza kuipata. Viwili ni bei ya kawaida, kwa sababu ndiyo inayotokea mara nyingi. Kimoja kinapita kawaida kidogo. Kimoja ni bei mbaya, na cha mwisho ni bei mbaya kweli, ile ambayo ameiona mara moja moja katika kazi zake na hapendi kuikumbuka. Hizi hapa ni bei za mfano, kwa milioni za shilingi. Bei za kijijini kwako zitakuwa nyingine.

Shimo: 1.0, 1.2, 1.2, 1.4, 2.0, 3.0

Mchanga, kokoto, mawe na lori: 1.8, 2.0, 2.0, 2.2, 2.6, 3.2

Saruji, nondo na tofali: 6.0, 6.2, 6.2, 6.4, 6.6, 7.2

Bati, mbao na milango: 3.0, 3.2, 3.2, 3.4, 3.6, 3.8

Mafundi na vibarua: 3.4, 3.6, 3.6, 3.8, 4.2, 4.6

Kila mstari unapata bakuli lake. Unafumba macho, unachukua kikaratasi kimoja kutoka kila bakuli, unajumlisha, unaandika jumla, kisha unarudisha kila kikaratasi bakulini mwake na kuchanganya. Hiyo ni kazi moja umeijenga, bila kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Tuseme mara ya kwanza shimo limetoka 1.2, mchanga 2.6, saruji 6.2, bati 3.6 na mafundi 3.8. Jumla ni milioni 17.4. Mara ya pili shimo limeangukia kile kikaratasi kibaya cha 3.0, mchanga 2.0, saruji 6.4, bati 3.2, mafundi 3.6. Jumla ni 18.2. Mara ya tatu mambo yamekwenda vizuri: 1.0, 2.0, 6.2, 3.0 na 3.6, jumla 15.8. Kila mara ni choo kilekile, mchoro uleule, fundi yuleyule. Kilichobadilika ni yale mambo ambayo fundi hana amri juu yake.

Ukifanya hivyo mara 20 na kuzipanga jumla zako kuanzia ndogo hadi kubwa, unaweza kupata mstari kama huu: 15.8, 16.0, 16.4, 16.6, 16.6, 16.8, 17.0, 17.0, 17.2, 17.2, 17.4, 17.6, 17.8, 18.2, 18.2, 18.6, 18.6, 19.0, 19.2, 20.2. Sasa hesabu kwa kidole. Jumla ya 10 ni 17.2, maana yake nusu ya kazi zilitoshwa na milioni 17.2. Jumla ya 16 ni 18.6, na 16 kati ya 20 ni sawa na 80 kati ya 100. Kwa hiyo fundi mwenye milioni 18.6 mkononi angemaliza kazi bila kukopa angalau mara 80 kati ya 100. Wahandisi na wakadiriaji majenzi wakubwa huandika hivi hivi kwenye taarifa zao, kwa kifupi P50 na P80. Ukikutana na herufi hizo usizihofie. P80 ni bei inayotosha mara 80 kati ya 100, basi.

Na ile milioni 16.2 ya kwenye daftari iko wapi katika mstari huo? Ni kazi mbili tu kati ya 20 zilizoisha chini yake.

Mara 20 ni chache lakini. Jirani yako akitumia vikaratasi vilevile na kurudia mara zake 20, nafasi ya 16 inaweza kumwangukia 17.8 au 19.2. Ili tarakimu itulie unahitaji kurudia mara mamia, na hapo mkono unachoka. Simu haichoki. Ukiwa na programu ya hesabu za majedwali kama Google Sheets, kazi hii haihitaji elimu ya kompyuta. Andika zile bei sita za shimo kwenye safu A, kuanzia chumba A2 hadi A7, moja chini ya nyingine. Za mchanga ziende safu B, saruji C, bati D, mafundi E. Halafu katika A10 andika hivi:

```
=INDEX(A$2:A$7,RANDBETWEEN(1,6))
```

Hiyo ni amri ya kuchukua kikaratasi kimoja bakulini bila kuchagua. Inakili kwenda B10, C10, D10 na E10. Katika F10 weka jumla:

```
=SUM(A10:E10)
```

Kisha nakili mstari mzima wa 10 kwenda chini hadi mstari wa 1000. Umejenga karibu vyoo 1,000. Kwenye chumba kilicho wazi pembeni, kwa mfano I1, uliza bei inayotosha mara 80 kati ya 100:

```
=PERCENTILE(F10:F1000,0.8)
```

Ukiweka 0.5 utapata ya katikati, na 0.9 ni ile inayotosha mara 90. Katika simu nyingine alama ya mkato ndani ya amri haikubaliki na unatakiwa kuweka nukta mkato. Usishangae pia ukiona tarakimu zinabadilika kila unapogusa jedwali. Simu inachanganya vikaratasi upya kila mara. Kama P80 yako inaruka kati ya 18.4 na 18.6, hiyo ni kawaida. Ikiruka kutoka 17 hadi 20, kuna mahali umekosea kunakili.

Kwa mfano wetu mtu anaweza kuhesabu njia zote zinazowezekana, maana bakuli tano zenye vikaratasi sita kila moja zinatoa michanganyiko 7,776, si zaidi. Nimeihesabu yote, na majibu ni haya. Milioni 16.2 inatosha mara 9 au 10 kati ya 100. Katikati ni milioni 17.4. Inayotosha mara 80 ni 18.4, na inayotosha mara 90 ni 19.0. Wastani wa gharama ni 17.6.

Tazama na ile desturi ya kuongeza asilimia 10 ya dharura juu ya jumla ya daftari. Milioni 16.2 na asilimia 10 yake inafika kama 17.8. Inatosha mara 64 tu kati ya 100. Fundi anayefuata desturi hiyo, na anayedhani amejilinda, anaingia mfukoni mwake karibu katika kazi moja kati ya kila tatu, hata kabla hajafikiria faida. Kwa upande mwingine kuna fundi mwoga anayejumlisha vikaratasi vibaya vyote vitano. Anapata milioni 21.8, na anakosa tenda. Huyo naye hakuhesabu, kwa sababu mchanganyiko huo ni mmoja tu kati ya 7,776.

Njia hii ilipata jina lake mwaka 1946 na miaka iliyofuata, huko Los Alamos nchini Marekani. Mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akipona ugonjwa na akipitisha muda kwa kucheza karata peke yake. Alijiuliza ni mara ngapi mchezo utafunguka hadi mwisho. Hesabu ya kalamu ilikuwa ndefu mno, akaona ni rahisi zaidi kucheza mara 100 na kuhesabu alizofanikiwa. Alimweleza mwenzake John von Neumann, nao wakaipeleka kwenye kompyuta za kwanza kwa kazi za nyuklia. Ikaitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kamari huko Monako. Ukisikia mhandisi akitaja Monte Carlo kwenye kikao cha mradi, anazungumzia bakuli na vikaratasi.

Sasa tufike mahali ambapo wengi wanaojua njia hii, hata wenye shahada, hujidanganya.

Tulipochukua vikaratasi, kila bakuli lilijitegemea. Shimo liliweza kutoa bei mbaya na siku hiyohiyo mchanga ukatoa bei nzuri. Ndivyo mambo yalivyo kijijini? Fikiria masika. Mvua inaponyesha wiki mbili mfululizo, shimo linajaa maji na kuta zinaporomoka. Mvua hiyohiyo inaharibu barabara, lori la mchanga linakwama au dereva anataka pesa zaidi kwa kila tripu. Na mvua hiyohiyo inawakalisha mafundi chini ya mwembe wakisubiri, huku vibarua wa kutoka mbali wanahitaji kula. Mistari mitatu inapata msiba mmoja kwa wakati mmoja. Bakuli zinazojitegemea haziwezi kuonyesha hilo. Zenyewe hufikiri kwamba ubaya wa hapa utafidiwa na uzuri wa pale.

Njia ya kurekebisha ni rahisi. Kwa mistari mitatu inayoshikwa na mvua, yaani shimo, mchanga na mafundi, usichukue vikaratasi vitatu mbalimbali. Panga bei za kila mmoja kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua namba moja tu, 1 hadi 6, iwe namba ya msimu. Ikitoka 1, chukua bei ya kwanza ya mistari yote mitatu. Ikitoka 6, yote mitatu inapata bei yake mbaya kabisa. Saruji na bati zinabaki na bakuli zake, maana bei zake zinaamuliwa dukani na kiwandani zaidi kuliko na matope ya barabara yetu. Kwenye simu, weka namba ya msimu katika G10:

```
=RANDBETWEEN(1,6)
```

Halafu badilisha amri ya A10, na ya B10 na E10 kwa herufi zake, iwe hivi:

```
=INDEX(A$2:A$7,$G10)
```

Nakili tena mstari wa 10 hadi chini. Bei zako ni zilezile, hujabadilisha hata kikaratasi kimoja. Wastani unabaki palepale, milioni 17.6. Bei ya katikati inashuka kidogo, kutoka 17.4 hadi 17.0, kwa kuwa sasa hata mema yanakuja pamoja. Ukitazama hapo tu utafurahi. Lakini angalia upande wa juu. Bei inayotosha mara 80 imepanda kutoka 18.4 hadi 19.0. Inayotosha mara 90 imeruka kutoka 19.0 hadi milioni 20.4.

Chukua fundi aliyefanya zoezi la kwanza na kuweka bei ya milioni 19, akiamini ana hatari ya hasara mara moja tu kati ya kumi. Kama mvua inashika mistari mitatu pamoja, hatari yake halisi ni mara mbili ya hiyo, karibu mara moja kati ya tano. Na hasara hiyo si ya laki moja au mbili. Namba ya msimu ikitoka 6, na hutoka mara moja kati ya sita, gharama haiwezi kuwa chini ya milioni 19.8 hata saruji na bati zikipatikana kwa bei ya chini kabisa.

Nikiri kwamba nimekaza fundo mno. Mvua haiamui kila kitu kuhusu shimo, maana kuna mashimo yanayogoma kwa sababu ya mwamba wakati wa jua kali. Kwa hiyo ukweli wa kazi hii uko mahali fulani kati ya hesabu mbili, ya bakuli zilizojitenga na ya bakuli zilizofungwa pamoja. Ni vizuri kufanya zote mbili na kuona umbali kati yake. Umbali ukiwa mdogo, usisumbuke. Hapa kwenye mara 90 umbali ni milioni 1.4, na hiyo ni bei ya pikipiki iliyotumika.

Je, fundi afanye nini na tarakimu hizi? Faida kwanza. Hizi zote ni gharama, faida haimo. Akisaini kwa milioni 19, kwa wastani anabakiwa na milioni 1.4, kwa sababu wastani wa gharama ni 17.6. Kampuni yenye kazi 30 kwa mwaka inaweza kuishi kwa wastani huo, maana kazi nzuri zinalipia mbaya. Fundi wa kijijini mwenye kazi moja kwa msimu haishi kwa wastani. Ikiangukia namba 6, hana kazi ya pili ya kuifidia. Anauza mbuzi, anadaiwa na duka la saruji, au anaacha choo kikiwa na kuta bila paa, na mwakani kamati haimwiti tena. Ndiyo maana anayetegemea kazi moja anapaswa kuangalia P80 au P90, wakati mwenye kazi nyingi anaweza kukaribia katikati.

Lakini kupandisha bei si dawa pekee, na mara nyingi si dawa nzuri, kwa kuwa mwenzako asiyehesabu atapeleka 17.8 na kupata tenda. Dawa bora huwa ni kukiondoa kikaratasi kibaya bakulini. Tuone inavyokuwa. Fundi anaiambia kamati: kazi ianze baada ya masika, si kabla. Kwa maeneo yenye masika ya Machi hadi Mei, hiyo ni Juni. Kwa kuanza kiangazi tuseme namba 6 ya msimu haipo tena, zimebaki namba tano. Rudia hesabu. Bei inayotosha mara 80 inashuka kutoka milioni 19.0 hadi 18.0, na inayotosha mara 90 inashuka kutoka 20.4 hadi 18.6. Tarehe ya kuanza peke yake imepunguza milioni 1.8 kwenye ile bei ya mara 90. Sasa fundi anaweza kupeleka bei ya chini kuliko mwanzo na bado akalala usingizi. Kwenye simu, badilisha tu 6 iwe 5 katika amri ya G10.

Kama kamati inasisitiza kazi ianze Machi kwa sababu fedha zimekuja sasa, kuna njia ya pili. Shimo liondolewe kwenye bei ya jumla na lilipwe kwa kipimo: kiasi kadhaa kwa kila mita ya kina katika udongo wa kawaida, kiasi kingine kwa kila mita yenye maji au mwamba, na mwakilishi wa kamati apime pamoja na fundi na wote wasaini. Hapo fundi hajifichi wala kamati haiibiwi. Anayebeba hatari ya maji ni mwenye kiwanja, ambaye ndiye aliyechagua mahali pa kuchimba.

Yote haya yanasimama juu ya vikaratasi, na vikaratasi vinaweza kusema uongo. Kosa la kawaida ni fundi kuandika bei sita zilizobanana, 1.1, 1.2, 1.2, 1.2, 1.3, 1.4, kwa sababu anaona aibu kuandika ile ya milioni 3. Simu haitajua. Itampa P80 nzuri inayokaribia bei ya daftari, naye ataamini kwa kuwa imetoka kwenye simu. Dawa yake ni daftari la zamani. Chukua kazi zako tano zilizopita, tafuta ulitarajia shimo liwe kiasi gani na likawa kiasi gani, na hivyo hivyo kwa mchanga na mafundi. Kama katika kazi tano shimo moja lilizidi mara mbili ya bei uliyotarajia, basi kikaratasi cha namna hiyo lazima kiwemo, upende usipende. Asiye na daftari la zamani aulize mafundi wawili waliochimba karibu na hapo, kwani maji ya chini hayafuati mipaka ya viwanja.

Kuna namna ya kujikagua baadaye pia. Ukishatumia njia hii kwenye kazi kadhaa, linganisha gharama ya mwisho na P80 uliyokuwa umeiandika. Kati ya kazi tano, moja kuipita P80 ni sawa kabisa, ndiyo maana yake. Zikipita tatu au nne, kosa liko kwenye vikaratasi vyako au kwenye kufunga bakuli. Na kama hata moja haijawahi kuipita kwa miaka, huenda bei zako ni za woga na unakosa tenda ambazo ungezimudu.

Kitu ambacho bakuli haziwezi kukuambia ni kile ambacho hukukiandikia bakuli. Kamati ikichelewesha malipo miezi mitatu na duka la saruji likatoza riba, hilo halimo katika mistari yetu mitano. Mchoro ukibadilishwa matundu sita yakawa manane, hiyo ni kazi nyingine, haihesabiwi kama bei mbaya ya kazi hii. Mambo ya namna hiyo yanawekwa kwenye maneno ya mkataba: malipo ya awali kiasi gani, awamu ya pili ilipwe ukuta ukifika wapi, na kila badiliko la mchoro liandikiwe bei yake kabla halijajengwa. Kama umeshapata hasara kwa kuchelewa kulipwa katika kazi mbili kati ya sita, basi ongeza bakuli la sita kabisa, liite riba na kuchelewa. Andika ndani yake sifuri nne, kisha vikaratasi viwili vyenye kiasi ulichopoteza mara hizo.